Kazi Itasimama Hadi Dipoziti Iingie: Jinsi ya Kuandika Onyo Lenye Uzito Bila Kumkosea Mteja Adabu

Wateja wetu wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawauzi bidhaa iliyo tayari kwenye rafu. Wanashona sare, wanachomelea mageti, wanatengeneza kabati za jikoni, wanapika kwa ajili ya harusi. Kazi za aina hii huanza na dipoziti, ile ambayo wazee wa Pwani huiita arbuni. Na shida ya dipoziti huwa ni moja: kazi imeanza, pesa zimeingia nusu, na nusu nyingine "iko njiani".

Hapo ndipo ujumbe mmoja wa simu unapotakiwa kufanya kazi ngumu. Umwambie mteja kwamba kazi itasimama mpaka pesa ziingie, lakini umwambie kwa namna ambayo wiki ijayo mtaendelea kufanya kazi pamoja. Wengi huandika kwa ulaini mpaka onyo linapotea, au kwa ukali mpaka mteja anapotea. Leo tutachukua kazi moja, tuuchukue ujumbe wake jinsi ulivyoandikwa mara ya kwanza, na tuukaze mstari kwa mstari.

Kazi yenyewe

Tuseme wewe ni fundi wa vyuma mwenye karakana Changamwe. Mteja wako ana nyumba za kupangisha Mtopanga, upande wa Kisauni. Mmekubaliana geti moja na grili 14 za madirisha kwa KSh 180,000. Dipoziti ni asilimia 60, yaani KSh 108,000, na kwenye WhatsApp mliandikiana kwamba dipoziti yote ikiingia ndipo kazi inaendelea. Tarehe ya kukabidhi ni Jumamosi tarehe 25.

Jumatano tarehe 8 mteja alituma KSh 40,000 kwa M-PESA. Ukanunua vyuma vya grili, vijana wakaanza kukata Alhamisi. Ijumaa tarehe 10 mchana anakutumia picha ya risiti ya benki: ameweka cheki ya KSh 68,000 kwenye akaunti yako. Chini yake ameandika, "Nimemaliza dipoziti, sasa harakisha geti."

Geti linahitaji mabati mazito, na hela za kuyanunua ni hizo 68,000. Ukinunua kwa pesa zako mwenyewe halafu cheki irudi, utabaki na geti lililokatwa kwa vipimo vya mlango wa mtu mwingine. Haliuziki kwa jirani. Ndiyo maana kwa kazi ya kupimwa dipoziti ni ulinzi wa fundi, na ndiyo maana onyo lazima liandikwe kabla mabati hayajanunuliwa.

Kwanza jua "imeingia" maana yake nini

Huwezi kuandika onyo zuri kama hujui pesa ziko wapi. Kila njia ya kulipa ina wakati wake wa kuingia, na tarehe ya mwisho unayoweka lazima ilingane na njia aliyotumia mteja.

M-PESA huingia papo hapo. Ushahidi ni ujumbe ulioingia kwenye simu yako wewe chini ya jina la MPESA, na salio kuongezeka. Picha ya ujumbe wa simu ya mteja si malipo. Ujumbe wa "Confirmed" uliotoka kwenye nambari ya kawaida ya simu si malipo pia, hata kama umeandikwa vizuri namna gani. Ukiwa na shaka, piga *334# uangalie salio, kisha ndipo ujibu.

Uhamisho wa benki kwa benki kwa PesaLink huingia kwa dakika chache, hata usiku au Jumapili. Ule wa RTGS huenda kwa saa za kazi, na kwa kawaida huingia siku hiyo hiyo ukitumwa mapema.

Cheki ni habari nyingine. Cheki iliyowekwa benki kabla ya saa ya mwisho ya kupokea huchukua kwa kawaida siku moja ya kazi kupitishwa. Iliyowekwa Ijumaa mchana hutarajiwa Jumatatu, na ikiwa ilichelewa dirishani, Jumanne. Sikukuu ikiwa katikati, ongeza siku. Katika muda huo akaunti yako inaweza kuonyesha kwamba kiasi kimewekwa, lakini huwezi kukitoa. Ndiyo sababu programu nyingi za benki huonyesha salio la aina mbili. La kutazama wewe ni lile la Available Balance, yaani salio unaloweza kutoa sasa hivi. Cheki inaweza kurudi kwa sababu akaunti ya mwenye cheki haina pesa za kutosha, kwa sababu saini hailingani, kwa sababu tarehe iliyoandikwa haijafika, au kwa sababu maneno na tarakimu havikubaliani. Sababu tatu kati ya hizo zinaweza kumpata hata mteja mwaminifu kabisa.

Kwa hiyo Ijumaa jioni mteja wako hajakudanganya. Ameweka cheki kweli. Ila pesa hazijaingia. Onyo lako lote linasimama juu ya tofauti hiyo moja, na usipoiona utamtuhumu mtu asiye na kosa, au utanunua mabati kwa hela ambazo hazipo.

Ujumbe wa kwanza, kabla haujakazwa

Huu ndio ujumbe ambao fundi wengi wangeandika Ijumaa hiyo jioni:

> Salaam bosi, pole kwa usumbufu. Nilikuwa naulizia tu kuhusu ile dipoziti. Unajua hali ni ngumu saa hii na vijana wananisumbua wanataka hela zao. Kama itawezekana naomba unisaidie upesi inshallah, la sivyo kazi inaweza ikachelewa kidogo. Na hizi cheki siku hizi haziaminiki. Asante sana, samahani tena.

Ujumbe huu una adabu nyingi na onyo dogo sana. Mteja akimaliza kuusoma atajua kwamba fundi ana shida ya pesa. Hatajua ni kiasi gani kinachosubiriwa, mpaka lini, wala nini kitatokea. Na kwa sentensi ya cheki atakuwa amekasirika kidogo. Hebu tuukaze.

Toa shida zako, weka hesabu

Vijana kutaka hela ni kweli, lakini ukiandika hivyo umehamisha mazungumzo kutoka kwenye makubaliano hadi kwenye maisha yako. Mteja anaweza kukujibu kwamba na yeye ana shida zake, na hapo mtakuwa sawa. Hesabu haijibiki hivyo. Andika tatu tu: iliyokubaliwa, iliyopokelewa, iliyobaki.

*Dipoziti tuliyokubaliana ni KSh 108,000. Tumepokea KSh 40,000 kwa M-PESA Jumatano tarehe 8. Zilizobaki ni KSh 68,000.*

Kumbuka kutaja ulichokipokea. Kinamwonyesha mteja kwamba unaandika kwa haki, na kinazuia mabishano ya baadaye kuhusu ile 40,000 ilikuwa ya nini.

Badilisha "naomba unisaidie"

Neno "naomba" kwa Kiswahili chetu ni la heshima na hakuna ubaya kulitumia unapoomba kitu. Lakini dipoziti si ombi, ilishakubaliwa. Ukisema "naomba unisaidie na dipoziti" umeigeuza kuwa hisani, na mwenye kufanya hisani huchagua siku anayotaka yeye. Sema tu jambo lilivyo: pesa bado hazijaingia. Heshima iweke kwenye salamu, kwenye jina unalomwitia, na kwenye shukrani ya mwisho. Kama huwa unamwita Bi Fulani, au Mama, au Sheikh, endelea kumwita hivyo hivyo. Ukibadilisha ghafla ukamwandikia "Kwa mteja", atasikia ubaridi kabla hajafika kwenye maana.

Vivyo hivyo kwa "inshallah". Hatusemi uiache. Sote tunaitumia, na ina mahali pake. Lakini ukiiweka kando ya tarehe ya mwisho, msomaji ataisikia kama mlango ulioachwa wazi. Iweke mwishoni, kwenye kuagana, na tarehe iache peke yake.

"Inaweza ikachelewa kidogo" haisemi kitu

Hapa ndipo kukaza kwenyewe kulipo. Linganisha sentensi tatu:

*Kazi inaweza ikachelewa.*

*Kazi itasimamishwa.*

*Tutasimamisha kazi.*

Ya kwanza ni utabiri, kama wa hali ya hewa. Ya pili ni onyo lakini halina mwenyewe, na mteja anaweza kujiuliza atakayeisimamisha ni nani. Ya tatu ina mtu na ina uamuzi. Haina ukali wowote ndani yake, hakuna neno moja la hasira, na bado ndiyo nzito kuliko zote. Tumia hiyo.

Kisha utaje sharti. Wengi huandika "ukilipa tutaendelea". Kwa kesi hii hilo ni kosa, kwa sababu mteja atasema, na kwa upande wake ni kweli, "Mimi nimeshalipa, cheki iko benki." Sharti lisiwe juu ya alichofanya yeye, liwe juu ya mahali pesa zilipo: *zisipokuwa zimeingia kwenye akaunti yetu*. Sentensi hiyo haimtuhumu mtu. Inaitazama akaunti tu, na akaunti kila mtu anaweza kuiangalia.

Weka siku na saa, na iwe ya haki

"Upesi" si tarehe. "Wiki ijayo" ina siku saba. Andika siku, tarehe na saa. Kwa saa, jihadhari na kitu kimoja: simu inaandika 4:00 PM, sisi tunasema saa kumi jioni, na mtu aliyezoea kusoma saa ya simu anaweza kuisoma saa kumi kama 10:00 PM. Andika zote mbili.

Sasa ni siku gani? Ukiandika Jumamosi asubuhi, umeweka muda ambao cheki haiwezi kuutimiza hata ikiwa nzuri, kwa hiyo mteja atashindwa bila kosa lake. Ukiandika Ijumaa ijayo, utakaa wiki nzima na vijana bila mabati. Cheki ya Ijumaa hutarajiwa Jumatatu, ikichelewa sana Jumanne. Basi Jumanne tarehe 14, saa kumi jioni, ni siku ya haki kwa pande zote mbili. Kama angekuambia atatuma kwa M-PESA, kesho yake ingetosha.

Sema nini kinasimama na nini hakisimami

Mteja akisikia kazi imesimama, wasiwasi wake wa kwanza ni vitu vyake: zile grili zilizokatwa zitauzwa? Pesa zangu 40,000 zimekwenda wapi? Mjibu kabla hajauliza. Grili zinabaki karakana, ni zake. Pia mwambie gharama halisi ya kuchelewa, ambayo ni tarehe ya kukabidhi. Siku tatu za kazi zikisimama, geti litatoka siku tatu za kazi baadaye. Hiyo si adhabu, ni hesabu, na mara nyingi ndiyo inayomfanya mteja apige simu benki.

Onyo liwe na tokeo moja tu. Ukiandika kwamba utasimamisha kazi, na utauza vyuma, na utamwanika Facebook, na utakwenda polisi, hakuna hata moja litakaloaminika. Na lile la kumwanika mtandaoni linaweza kukuletea kesi wewe.

Ile sentensi ya cheki

"Cheki siku hizi haziaminiki" itoke kabisa. Inasema mteja ni mwongo kabla benki haijasema chochote. Badala yake eleza hali: *zimewekwa kwa cheki leo na benki bado haijazipitisha.*

Kuna mtego mwingine hapa ambao watu huingia kwa nia njema. Utatamani kuongeza, "Kama una haraka, tuma kwa M-PESA." KSh 68,000 zinaweza kutumwa kwa mara moja, maana tangu 2023 kikomo cha muamala mmoja ni KSh 250,000. Lakini cheki bado iko njiani. Akituma na cheki ikapita, atakuwa amelipa mara mbili, na utaanza kazi ya kurudisha pesa na kubishana. Njia ya M-PESA ipendekeze tu cheki ikirudi.

Ujumbe uliokazwa

> Salaam aleikum Bi Fulani. Ni kuhusu kazi ya geti na grili 14 za Mtopanga.
>
> Dipoziti tuliyokubaliana ni KSh 108,000. Tumepokea KSh 40,000 kwa M-PESA Jumatano tarehe 8. Zilizobaki, KSh 68,000, zimewekwa kwa cheki leo na benki bado haijazipitisha.
>
> Zisipokuwa zimeingia kwenye akaunti yetu kufikia Jumanne tarehe 14, saa kumi jioni, 4:00 PM kwa saa ya simu, tutasimamisha kazi hadi ziingie. Siku za kazi zitakazosimama zitaongezwa kwenye tarehe ya kukabidhi, ambayo kwa sasa ni Jumamosi tarehe 25.
>
> Grili zilizokwisha katwa zinabaki karakana, ni mali yako. Pesa zikiingia tutakutumia risiti, na kazi itaendelea siku ya kazi inayofuata. Shukran.

Soma kwa sauti. Hakuna "samahani", kwa sababu hakuna kosa. Hakuna "tafadhali" tatu tatu. Hakuna herufi kubwa tupu wala alama za mshangao. Lakini salamu ipo, jina lipo, shukrani ipo, na mteja anajua mambo yote anayohitaji kujua. Utume kwa maandishi, usiutume kwa sauti. Ujumbe wa sauti hautafutiki, na mteja hawezi kumwonyesha mhasibu wake au mume wake. Kama mnatumia ile mipangilio ya WhatsApp inayofuta ujumbe baada ya muda, izime kwa mteja huyo.

Kama ni mteja wa miaka mingi, mpigie simu kwanza, mzungumze vizuri, halafu tuma ujumbe huu ukianza na "Kama tulivyozungumza." Simu inatunza uhusiano, maandishi yanatunza makubaliano.

Akijibu, "Mbona huniamini?"

Jibu hili hutokea sana, na ndilo linalowafanya watu warudi kwenye ulaini wa mwanzo. Usibishane kuhusu kuaminiana. Kubali lililo kweli, kisha rudi kwenye akaunti:

> Nakuamini Bi Fulani, na risiti ya benki nimeiona. Mabati ya geti tunayanunua kwa pesa taslimu, na cheki haiwezi kununua mpaka benki iipitishe. Tarehe inabaki Jumanne saa kumi jioni. Ikiingia kabla ya hapo, nitakujulisha mara moja.

Ni sentensi nne, na tarehe haijasogea. Ukiisogeza mara moja kwa sababu mtu amenuna, onyo lako la pili halitasomwa.

Jumanne saa kumi ikifika

Angalia Available Balance. Kuna mambo mawili tu yanayoweza kutokea.

Kama pesa zimeingia, tuma risiti siku hiyo hiyo. Iseme kiasi, njia, tarehe, na ni ya nini: *Tumepokea KSh 68,000 kwa cheki. Dipoziti KSh 108,000 imekamilika. Baki ya kazi ni KSh 72,000, kulipwa siku ya kukabidhi.* Kwa malipo ya M-PESA ongeza na ile nambari ya muamala iliyo mwanzoni mwa ujumbe. Risiti ya namna hii ina faida nyingine. Mtu aliyetuma pesa kwa nambari ya kawaida anaweza kuomba zirudishwe kwa kupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456, akidai alikosea nambari. Ukiwa umeshamwandikia risiti inayotaja geti na grili, naye akakujibu "sawa", dai la kukosea nambari halina miguu.

Kama cheki imerudi, simamisha kazi kweli. Si kesho, saa hiyo. Kisha andika ujumbe mfupi kuliko wa kwanza:

> Bi Fulani, cheki ya KSh 68,000 imerudishwa na benki leo. Kama tulivyoandika Ijumaa, tumesimamisha kazi kuanzia sasa. Sasa unaweza kutumia nambari yetu ya Lipa na M-PESA iliyo kwenye ankara, zitaingia papo hapo na tutaendelea kesho yake asubuhi.

Hapa usitafute sababu ya cheki kurudi. Benki imemwambia. Inawezekana ni saini tu. Wewe taja tukio, taja ulichofanya, na umwachie mlango mmoja wa kurudi. Nambari ya malipo usiiandike upya kwenye ujumbe. Mwelekeze kwenye ankara aliyonayo, ili matapeli wasipate nafasi ya kujifanya wewe na kuleta nambari nyingine.

Mahali ambapo onyo hili halifai

Onyo lililokazwa lina nguvu kwa sababu nyuma yake kuna makubaliano. Kenya hufuata Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, ambayo msingi wake ni sheria ya mikataba ya Uingereza. Na kwa msingi huo, mteja kuchelewa kulipa hakukupi kila mara haki ya kuacha kazi. Kama hamkukubaliana kwamba kazi inategemea dipoziti, kuisimamisha kunaweza kukugeuza wewe kuwa ndiye uliyevunja mkataba. Kwa hiyo sentensi moja iingie kwenye kila ankara tangu siku ya kwanza: *Kazi itaanza na kuendelea pale tu dipoziti yote itakapokuwa imeingia kwenye akaunti yetu.* Mteja akijibu "sawa" kwenye WhatsApp, tayari una kitu cha kuegemea.

Kama sentensi hiyo haikuwepo na kazi imeshaanza, usianze na onyo. Anza na makubaliano mapya: mwandikie hesabu, mpendekezee tarehe, umwombe akubali kwa maandishi. Akishakubali, tarehe ikipita, ndipo ujumbe wetu wa juu unapofaa.

Na mambo yakiharibika kabisa, Mombasa ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh 1,000,000. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Mtu atakayesoma ujumbe wako huko hatakujua wewe wala mteja wako. Atatafuta kilichokubaliwa, kilicholipwa, tarehe uliyotoa, na kama ulifanya ulichosema. Kabla ya kubonyeza kutuma, usome ujumbe wako kwa macho ya mtu huyo. Kama ataelewa yote manne bila kukuuliza swali, uko tayari kutumwa.